Tiketi ya bei ya makosa: ulivyokata haraka ulipatia, hoteli subiri

*"Shikamoo mama. Juzi usiku wa manane nilikuwa natafuta nauli ya Guangzhou kwa ajili ya maonyesho ya biashara ya Oktoba, yale ya Canton Fair, nikakuta Dar hadi Guangzhou kwenda na kurudi dola 212. Mwaka jana nililipa dola 940. Nikakata palepale kwa kadi, na kulipokucha nauli ilikuwa dola 985. Sasa hoteli ya karibu na maonyesho inataka dola 380 kwa siku kumi nikilipa leo, ila hairudishi pesa. Nikitaka ile ya kughairi bure ni dola 455. Kaka yangu aliyeko Dar ananihimiza nilipe kabla vyumba havijaisha. Nilipe?"*
Muuza vyombo, Chikongola, Mtwara

Marahaba, mwanangu. Hiyo ya dola 380 usiilipe. Shika chumba leo hii kwa ile bei ya dola 455, inayolipwa ukifika na inayofutika bure, na pesa yako ibaki kwako. Kaka yako amesema kweli kwamba vyumba vya Oktoba vinaisha, lakini kushika chumba ni jambo moja na kulipia chumba ni jambo jingine. La kwanza lifanye sasa. La pili lina muda wake, na muda huo haujafika.

Nitakueleza sababu taratibu, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa ya kukatia watu tiketi, kwanza Dar na sasa hapa Mtwara, wanaolia kwa sababu ya nauli za namna hii sijaona wakilia kwa ajili ya tiketi yenyewe. Wanalilia vitu walivyovilipia pembeni ya tiketi.

Tuanze na hiyo dola 212. Nauli ya ndege haitungwi na tovuti uliyoifungua. Shirika la ndege lina watu wake wa bei, na bei wanazozipanga huziweka kwenye kampuni moja kubwa inayoitwa ATPCO, ambayo kazi yake ni kukusanya nauli za mashirika na kuzisambaza mara nyingi kwa siku kwenye mifumo ya kukatia tiketi, kama Amadeus na Sabre. Mtu akidondosha sifuri moja anapoingiza bei, au akiandika sarafu isiyo yake, kosa hilo linasafiri na kuonekana kwenye simu yako Chikongola sawasawa na bei halali. Mfumo hauna macho ya kushangaa. Likigunduliwa, bei mpya hupita njia ileile, ndiyo maana asubuhi ulikuta 985.

Fungua risiti yako uangalie mchanganuo wa bei. Utaona sehemu tatu: nauli ya msingi, kisha ada ambayo shirika lenyewe linajiwekea, mara nyingi imeandikwa `YQ` au `YR`, kisha kodi na tozo za viwanja. Ukikuta nauli ya msingi imeshuka mno, tuseme dola 60 mahali palipotakiwa 600, hapo sifuri imeanguka. Ukikuta nauli ya msingi ni ya kawaida lakini ule mstari wa `YQ` haupo kabisa, basi ile ada ilisahauliwa, na kwenye safari ndefu ada hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko nauli. Tozo za viwanja huwa hazibadiliki, hivyo huko usihangaike kutafuta kosa.

Nakuomba uangalie kwa sababu unahitaji kujua umeshika nini. Punguzo la kweli hutangazwa: lina jina, lina tarehe ya mwisho, lina masharti yaliyoandikwa, na shirika linakuwa na hamu ulione. Tiketi ya punguzo unaweza kuiamini na kupanga juu yake. Yako haikutangazwa popote, ilitokea usiku, ikapanda zaidi ya mara nne kabla ya saa za kazi. Kwangu mimi hilo ni kosa, na kwenye kila mpango wa safari hii uihesabu kama kosa mpaka shirika lenyewe lioneshe vinginevyo.

Kukata kwako palepale sikulaumu, ningefanya vivyo hivyo. Ulikuta bei wazi mbele ya watu wote, hukumdanganya mtu wala kuchezea mfumo, ukanunua kiti kimoja unachokihitaji. Bei kama hiyo ina saa chache za kuishi, na ukisubiri kumuuliza huyu na yule inapotea. Zaidi ya hapo, haraka kwenye tiketi haikugharimu kitu kikubwa: shirika likiamua kuifuta, linakurudishia dola 212 zako zote. Umepoteza siku kadhaa za kungoja pesa, basi. Kishawishi hicho ni cha haki kabisa. Ubaya wake ni kwamba moyo ukishaenda mbio hivyo hausimami kwenye tiketi. Usiku uleule mtu anatafuta hoteli, anaona neno "bei maalumu", anaona vimebaki vyumba viwili, na kidole kinabonyeza kwa mwendo uleule kilichobonyezea tiketi.

Hapo ndipo shimo lilipo, mwanangu. Tiketi ni mkataba wako na shirika la ndege. Hoteli ni mkataba mwingine, na mtu mwingine, katika nchi nyingine. Shirika likikosea bei na likafuta, linakurudishia ulichompa yeye. Mwenye hoteli hakukosea kitu. Alikuambia mapema kwamba bei hii hairudi, ukakubali, akakutunzia kitanda. Usipofika, yeye ametimiza sehemu yake na pesa ni yake. Huwezi kumpelekea barua ya shirika la ndege akaona inamhusu.

Sasa swali linakuja: mashirika hufuta kweli tiketi za namna hii, au huziheshimu? Yote mawili, na kabla hayajaamua hakuna anayeweza kukuambia. Mwanzoni mwa Januari 2019 Cathay Pacific walijikuta wameuza viti vya madaraja ya juu kutoka Vietnam kwenda New York kwa mamia ya dola badala ya maelfu mengi, wakatangaza hadharani kwamba waliokata watasafiri. Agosti 2023 Qantas waliuza daraja la kwanza kati ya Australia na Marekani kwa bei iliyokosewa kwa karibu asilimia 85. Wao walichukua njia ya katikati: waliokata wakapewa daraja la biashara bila kuongeza kitu, au warudishiwe pesa. Mwaka huohuo ANA ya Japani, ambako kosa lilitokea kwenye ubadilishaji wa sarafu katika tovuti yao ya Vietnam, walizifuta na kurudisha pesa. Na Februari 2015 United walifuta tiketi za kutoka London zilizokuwa zimeuzwa kwa bei ya chini mno kwa sababu ya hesabu mbovu ya kroni za Denmaki.

Hiyo kesi ya United ilizaa jambo ambalo watu wengi hulisikia nusu. Mei 2015 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilisema shirika likithibitisha kwamba bei ilikuwa kosa, linaweza kufuta tiketi, ila limrudishie abiria nauli yake pamoja na gharama za kweli alizoingia kwa kuitegemea tiketi hiyo, mfano hoteli isiyorudisha pesa, na abiria aoneshe risiti. Kuna watu wanaisoma hiyo mtandaoni wanasema, "Ah, shirika litalipa hoteli." Ule ni utaratibu wa safari zinazoingia au kutoka Marekani. Yako inatoka Dar inaenda Uchina. Nauli yako ikifutwa na isirudi, unaweza kupeleka malalamiko kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na una haki ya kufanya hivyo. Lakini usipange maisha yako ukitegemea kwamba kuna mtu atakulipia siku kumi za hoteli ya Guangzhou.

Tufanye hesabu ya hoteli yako, maana ina jibu zuri. Tofauti ya bei mbili ni dola 75. Chukulia mmekata watu sita tiketi hiyo ya dola 212, na nyote sita mmelipa ile hoteli ya 380. Watano tiketi zao zikaheshimiwa: kila mmoja ameokoa 75, jumla 375. Mmoja tiketi yake ikafutwa: amepoteza 380. Faida ya watano imeliwa yote na hasara ya mmoja. Kwa maneno mengine, hoteli isiyorudisha pesa inakulipa tu kama una uhakika kwamba hatari ya kufutwa ni chini ya moja katika sita. Kwa tiketi ya kawaida ya dola 940 una uhakika huo, na ningekuambia lipa upate nafuu. Kwa tiketi iliyopanda kutoka 212 hadi 985 kwa usiku mmoja, mimi sina uhakika huo, na wewe huna.

Halafu kuna viza. Hata tiketi ikisimama imara, ubalozi wa Uchina bado haujakupa ruhusa ya kuingia. Hoteli ya kulipia moja kwa moja inabeba hatari zote mbili juu ya mgongo mmoja, tiketi na viza. Wengi hudhani lazima walipe hoteli ndiyo waombe viza, na hapo ndipo mawakala wengine huwasukuma. Kinachoambatanishwa ni uthibitisho wa nafasi uliyoshika, wenye jina lako kama lilivyo kwenye pasi, tarehe na anwani ya hoteli. Ile nafasi ya 455 inayofutika ina vyote hivyo.

Kuhusu hofu ya kaka yako. Maonyesho hayo hugawanywa kwa awamu kufuatana na bidhaa. Wewe unauza vyombo, kwa hiyo awamu yako ni ya pili, tarehe 23 hadi 27 Oktoba, ndiyo yenye vyombo vya nyumbani na mapambo. Ni kweli hoteli za Pazhou, kule kwenyewe kwenye maonyesho, hujaa na bei hupanda wiki hizo. Ndiyo maana nimekuambia ushike leo. Lakini ukishashika ile inayofutika, chumba ni chako kwa bei iliyoandikwa, hata jirani yako akija kulipa mara mbili wiki moja kabla. Na Pazhou ikikushinda kabisa, mtaa wa Xiaobei, hukohuko Guangzhou, kuna nyumba za wageni tele walizozizoea wafanyabiashara wetu, treni ya chini ya ardhi inakufikisha kwenye maonyesho.

Unaposhika, soma maneno mawili tu kwenye skrini. La kwanza `Free cancellation until`, na tarehe inayofuata. La pili `Pay at the property`. Yote mawili yawepo kwenye chumba kilekile. Zipo nafasi zinazofutika bure lakini pesa inachukuliwa leo, na ukifuta inarudi baada ya siku nyingi, ikiwa imeshapungua kidogo kwa kubadilishwa kutoka shilingi kwenda sarafu ya kigeni na kurudi tena. Na ile tarehe ya mwisho ni ya saa za Guangzhou. Wao wako mbele yetu saa tano. Ikiandikwa tarehe 16 Oktoba 23:59, kwako Mtwara ni saa 12:59 jioni ya siku hiyohiyo, kabla hata hujafunga duka. Weka kengele ya simu siku mbili kabla, siyo siku yenyewe.

Sasa tiketi yenyewe, kazi ya jioni ya leo. Kwenye barua pepe utakuta namba ya buking, herufi na tarakimu sita. Hiyo inaonesha tu kwamba kiti kimeshikwa. Tafuta namba ya tiketi, tarakimu kumi na tatu, zinazoanza na tatu za utambulisho wa shirika: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 197 Air Tanzania, na kila shirika lina zake. Ukiwa na tarakimu kumi na tatu, tiketi imeshatolewa na shirika linaitambua. Ukiwa na zile sita tu, na hasa kama ulikata kupitia tovuti ya wakala, inawezekana wakala amechukua pesa na hajatoa tiketi bado, na kama bei imerekebishwa kabla hajatoa, atakuandikia kwamba ameshindwa. Mtu wa namna hiyo hana tiketi ya makosa. Ana pesa iliyozuiwa kwenye kadi, basi. Kisha ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, sehemu ya `Manage booking`, uweke zile sita na jina lako la ukoo. Safari zote, ya kwenda na ya kurudi, zionekane zimethibitishwa. Piga picha ya skrini, hifadhi na risiti yenye mchanganuo.

Ukishamaliza hayo, usiiguse. Hili nalisema kwa uzito kwa kuwa nimeona tiketi nzuri zikifa mikononi mwa wenyewe. Usibadili tarehe hata kwa siku moja, maana mabadiliko huifanya tiketi ihesabiwe upya kwa nauli ya leo, na dola zako 212 zitaishia hapo. Usipige simu kwa shirika kuuliza kama bei ni sahihi. Usiifute mwenyewe kwa hofu, kwani ukiifuta wewe unahukumiwa kwa masharti ya nauli, na nauli za chini mara nyingi hazirudi. Wakiifuta wao, unarudishiwa yote. Chungulia kila baada ya siku mbili kama bado ipo, na usisahau kasha la barua taka, maana taarifa za kufuta nyingi zinaangukia huko.

Kusubiri hadi lini? Kwa niliyoyaona, shirika likiamua kufuta, mara nyingi hufanya hivyo ndani ya siku chache za mwanzo, na wiki mbili zikipita kimya kimya mimi huanza kupumua. Si sheria. Mwaka 2011 Korean Air waliuza tiketi za Palau kwa bei ya makosa na wakaja kuzifuta karibu miezi miwili baadaye, abiria wakiwa wameshapanga likizo zao. Kwa hiyo wiki mbili ndizo ninazozitumia kwa gharama ambazo hazikwepeki, kama ada ya viza, ambayo nayo hairudi. Wewe ulikata mwishoni mwa Agosti, safari ni tarehe 18 Oktoba. Anza kukusanya nyaraka za viza sasa, barua ya mwaliko wa maonyesho uiombe sasa, lakini ada uilipe baada ya wiki mbili kupita, karibu na katikati ya Septemba. Bado utabaki na mwezi mzima wa kusubiri viza. Kwa hoteli huna haja ya kukisia, kwa sababu nafasi yako inafutika hadi siku mbili kabla ya kuondoka. Ya nini ulipe mapema kitu ambacho unaruhusiwa kulipa ukifika?

Nina mteja wa Lindi, mnunuzi wa korosho, mtu makini sana kwenye mzani na kwenye stakabadhi. Miaka kadhaa iliyopita alikuta tiketi za Bangkok yeye na mkewe, dola 160 kila mmoja, kwenda na kurudi. Akakata usiku, sawa. Asubuhi akalipa hoteli siku sita, dola 420, isiyorudisha pesa, kwa sababu ilikuwa nafuu kwa dola 60. Siku ya tatu akalipa na tiketi za ndege za kutoka Mtwara kwenda Dar. Siku ya tisa ikaja barua pepe ya mistari minne: bei ilikuwa kosa, tiketi zimefutwa, nauli inarudishwa. Akaja kwangu amekasirika na shirika, na nilimwelewa, maana mkewe alikuwa ameshaaga ndugu. Tuliandikia hoteli mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili walijibu kwa adabu kwamba masharti yalikuwa wazi, mara ya tatu hawakujibu. Zile tiketi za ndani tukafaulu kuzisogeza tarehe kwa kulipia tofauti. Nauli ya Bangkok ilirudi baada ya siku 23, yote. Dola 420 hazikurudi hata moja. Aliokoa 60 kwa kuhatarisha 420, na alipokaa akapiga hesabu hiyo mbele yangu alinyamaza muda mrefu. Nilimuonea huruma kweli, kwa sababu ni mtu ambaye asingekubali hesabu hiyo kwenye gunia moja la korosho.

Jambo moja kuhusu kadi uliyolipia. Nauli ikirudishwa, hurudi kwenye kadi ileile. Kama ni kadi ya benki, haina shida. Kama ni kadi ya mtandaoni uliyoitengeneza kwenye simu, usiifute wala kuiacha iishe muda wake hadi umesafiri, maana pesa inayorudi kwenye kadi iliyokufa unaweza kuihangaikia wiki kadhaa kati ya kampuni ya simu na wakala. Hifadhi ujumbe wa muamala. Na kama ulikata kwa wakala, angalia kama alijikatia ada yake ya huduma. Hiyo huenda isirudi hata shirika likirudisha nauli kamili.

Ikitokea wakakuandikia, soma wanakupa nini kabla ya kubonyeza popote. Wengine huweka kitufe cha kukubali vocha ya safari nyingine, na ukikubali hiyo ndiyo malipo yako. Vocha ikiwa kubwa kuliko dola 212 na unajua utasafiri tena mwakani, inaweza kuwa na maana kwako, kwani wewe Guangzhou unakwenda kila mwaka. Ikiwa sawa na ulicholipa au chini yake, dai pesa. Siku hiyohiyo ingia kwenye nafasi ya hoteli uifute, upate barua pepe ya uthibitisho wa kufuta, kisha uamue kwa utulivu kama safari hii inafaa kwa dola 985. Hilo ni swali la biashara, na jibu lake liko kwenye daftari lako la mauzo.

Usafiri wa Mtwara hadi Dar nao usiukate sasa. Viti vya basi vinapatikana wiki yenyewe ya safari. Ukipendelea ndege, ngoja viza iwe mkononi, kisha kata ya kukufikisha Dar tarehe 16 au 17, siyo 18. Tiketi hizo mbili hazijuani, na ndege ya Mtwara ikichelewa, ile ya Guangzhou haitakungoja wala kukurudishia chochote. Umesikia Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara yetu pale Somanga. Oktoba huwa kukavu, lakini siku moja ya ziada Dar, kwa kaka yako, haikugharimu hata shilingi.